Jamvi la darasa limepasuka: nilivyomwandikia fundi

Jamvi, yaani sakafu ya zege, likipasuka, barua ya kwanza kwa fundi huandikwa kwa hasira: zege lako bovu, saruji umeila. Fundi naye anajibu kwamba saruji ilikuwa yenu. Ni kweli, maana shule zetu nyingi hapa Tanzania zinajengwa kwa fosi akaunti: shule inanunua vifaa, fundi analipwa ufundi. Mjadala unaishia hapo, watoto wanaendelea kujikwaa. Mimi kama mwalimu mkuu niliona heri nipime kwanza, ndipo niandike.

Nyufa hazifanani. Zile nyembamba kama unywele, zilizotapakaa juu juu, mara nyingi hutokana na uso kukaushwa na jua na upepo kabla haujaanza kumwagiliwa maji. Zinaudhi macho, lakini haziwezi kukuambia kama zege lina nguvu au halina. Ufa wetu ulikuwa wa namna nyingine. Ulianzia mlangoni ukakata hadi ukuta wa nyuma, na upande mmoja ulikuwa umeshuka milimita 4. Nilipogonga upande huo kwa kipande cha nondo, ulitoa mlio wa kitu chenye uwazi chini yake. Hiyo ni dalili ya kifusi ambacho hakikushindiliwa vizuri: kinatitia, jamvi linabaki bila egemeo, uzito wa madawati na watoto unalikata. Hapo hata zege zuri hupasuka. Niliweka alama ya penseli kwenye ncha za ufa na kuandika tarehe, ili ijulikane kama unaendelea kukua.

Mashaka yangu kuhusu zege yalitoka kwenye leja ya stoo. Darasa lina mita 7 kwa 9, yaani mita za mraba 63. Jamvi la sentimita 10 linahitaji zege mita za ujazo 6.3. Kwa uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), kila mita ya ujazo inakula mifuko 6 na kitu ya kilo 50, kwa hiyo jumla ni kama mifuko 40. Leja ilionyesha kuwa fundi alichukua 28, na iliyobaki ikaenda kwenye plasta.

Mjumbe mmoja wa kamati ya ujenzi akasema ushahidi ndio huo, zege lilichanganywa 1:3:6. Hesabu inakubali kabisa. Tatizo ni kwamba inakubali pia jambo jingine: jamvi la sentimita 7 lililochanganywa kwa 1:2:4 nalo linakula mifuko 28 hiyohiyo. Leja peke yake haiwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo mawili. Ukimtuhumu kwa uwiano na kumbe kosa ni unene, umempa nafasi ya kukushinda kwa jambo ambalo hakulitenda.

Kwa hiyo barua ilisema hivi:

"YAH: UFA KATIKA JAMVI LA DARASA

Ndugu fundi, rejea kichwa cha habari hapo juu. Jamvi lina ufa kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, na upande mmoja umeshuka milimita 4. Makisio yalikuwa mifuko 40 ya saruji. Leja inaonyesha 28. Tunaomba ufike mbele ya mhandisi wa halmashauri na kamati ya ujenzi, tutoboe jamvi sehemu mbili kupima unene na kuangalia kifusi. Tunaomba pia maelezo ya kipimo ulichotumia kwa mchanga na kokoto. Usizibe ufa kabla ya ukaguzi. Malipo ya mwisho yanasubiri taarifa ya mhandisi."

Nakala ilikwenda kwa mhandisi na kwa mwenyekiti wa kamati. Sentensi ya kutoziba ndiyo ninayoitetea kuliko zote, kwa sababu ufa ukishapigwa niru huna tena cha kupima.

Tulipotoboa karibu na ufa tulikuta sentimita 7, na chini yake nafasi ya kupitisha vidole. Upande wa pili jamvi lilikuwa sentimita 8. Kipande kilichovunjwa kilikuwa kigumu, na mhandisi hakuona sababu ya kukata sampuli na kuipeleka maabara. Angalikuta zege linalomomonyoka kwa msumari hadi ndani, hapo sampuli ingekuwa lazima. Vumbi la juu tu halitoshi kuwa hoja, kwani hata zege zuri lisilomwagiliwa maji siku za mwanzo hutoa vumbi.

Fundi alikiri kwamba kifusi kilimwagwa chote kwa mkupuo, kikashindiliwa juu tu. Tulikubaliana avunje upande ulioshuka, ashindilie kwa matabaka ya sentimita 15 huku akinyunyiza maji, kisha amwage sentimita 10 kwa boksi la kupimia lenye ujazo wa lita 35, ambao ni sawa na mfuko mmoja wa saruji. Ufundi ni juu yake. Upande uliobaki, wa sentimita 8, mhandisi aliuacha kwa kuwa kifusi chake kiligongeka vizuri, ila fedha za mwisho tulizishikilia hadi mvua za masika zipite.