Seli tupu ndiyo inayohamisha bei

"Nimepiga picha orodha ya bei za mbolea, ya Kiingereza, hapa Mbeya. Nikiitafsiri, bei zinahama safu. Nifanyeje?"

Ndugu mmoja amekujibu kwamba unyooshe picha tu, lakini amesema nusu ya jambo, kwa sababu hata picha iliyonyooka ina seli tupu ambazo programu ya kusoma maandishi huziruka, na hapo bei ya mfuko wa kilo 50 ikaangukia safu ya kilo 25. Kabla ya kutafsiri, nakili kila kitu kwenye lahajedwali, tia kistari penye seli tupu, kisha hesabu: kichwa kikiwa na safu 4, kila mstari uwe na seli 4. Ndipo utafsiri maneno tu. "Urea" na tarakimu zibaki.