Mtoto katoka shule na neno "malaya": nimweleze nini?

*Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa miaka 8 amemwita mdogo wake wa miaka 5 "malaya" kisa mpira. Sasa mdogo naye analiimba uani, na dada yao wa kidato cha kwanza anacheka. Wameniuliza maana yake nikawaambia "mwanamke mbaya". Nimejibu sawa? Mama wa watoto watatu, Nkuhungu, Dodoma.*

Marahaba mama. Hilo jibu la "mwanamke mbaya" ndilo la kurekebisha kwanza. Mtoto hulipokea kama lilivyo: mwanamke akimuudhi, basi ni malaya. Wiki ijayo atamwita hivyo mwalimu aliyemkaripia, au shangazi aliyemnyima soda, na kwa maana uliyompa atakuwa hajakosea. Tafsida inafaa pale inapoficha ukali wa jambo na kuiacha maana mahali pake. Hiyo yako imeibadilisha maana.

Huyu wa miaka 5 hahitaji maana kabisa. Analiimba kwa sababu lina mdundo na kwa sababu watu wakilisikia wanageuka. Mwambie kwa sauti ya kawaida: "Hilo ni tusi. Linaumiza watu, hatulisemi." Kisha mpe maneno ya kusema akikasirika: "Nimekasirika, nirudishie mpira wangu." Ukimnyang'anya tusi bila kumpa maneno mengine, atatafuta tusi jingine. Kama mnaishi na bibi, ongea naye mapema asicheke, maana kicheko chake kitafuta yote uliyosema.

Wa miaka 8 ndiye mwenye kazi. Msubiri mkae pamoja, labda mnamenya karanga, mikono ina shughuli na hakuna anayekodoleana macho. Anza kwa kumuuliza:

"Lile neno, unadhani maana yake nini?"

"Mtu mchoyo."

"Nani alikuwa analisema?"

"Wakubwa, wakigombana uwanjani."

Hapo umeshajua kwamba ameokota ukali wa neno bila maana yake, na ndivyo ilivyo kwa wengi wa umri huu. Mjibu: "Halina maana ya mchoyo. Ni tusi la watu wazima. Anayelisema anamwambia mwenzake kwamba hauheshimu mwili wake. Mdogo wako hakufanya lolote la namna hiyo, alichukua mpira tu. Mtu asiyetaka kugawana anaitwa mchoyo, na anayechukua kwa nguvu ni mnyang'anyi." Usiende mbali zaidi ya hapo mpaka aulize mwenyewe. Akiuliza, mwambie linahusu mambo ya faragha ya watu wazima, na kwamba swali lake halijamkosesha adabu. Kisha akamwombe radhi mdogo wake.

Wa kidato cha kwanza anastahili maana kamili, tena kwa maneno makavu, kwa sababu kicheko chake kinaonyesha kwamba nusu anaijua. Malaya ni mtu anayedhaniwa kufanya ngono ovyo na watu wengi, na pia hutumika kwa anayefanya ngono kwa malipo. Huyu wa malipo, katika lugha isiyo ya matusi, huitwa kahaba, na siku hizi wengi husema mtu anayefanya biashara ya ngono. Mitaani atasikia changudoa na dada poa. Mwonyeshe na sarufi yenyewe: tunasema malaya huyu, malaya hawa, na neno halichagui mwanamume wala mwanamke. Wanaochagua ni watumiaji. Muulize ni mara ngapi amesikia mvulana akiitwa hivyo shuleni, na msichana anaitwa hivyo amefanya nini. Mara nyingi atakuwa amekataa kutongozwa, au amevaa sketi fupi, au amekaa na wavulana kufanya hesabu. Binti akishayaona hayo mwenyewe hatacheka tena, na siku akiitwa yeye atajua kwamba neno limetumika kumtisha wala halikumweleza alivyo.

Kama neno lingekuwa la kiungo cha mwili, njia ingekuwa fupi: mpe mtoto jina la heshima, uume, uke au makalio, mwambie lile jingine ni tusi, basi.

Kuna jambo moja usilipite. Ukimuuliza mtoto mdogo maana, naye akakueleza tendo lenyewe kwa undani usiolingana na umri wake, acha habari ya lugha. Inawezekana ameonyeshwa video, au ametendewa. Usimkaripie wala usimhoji mara kumi. Msikilize, kumbuka maneno yake kama alivyoyasema, kisha piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kwa neno lililookotwa uwanjani kama hili la kwenu, inatosha kumweleza mwalimu wa darasa ni neno gani na linasemwa wakati gani, bila kumpa jina la mtoto wa mwenzio.