Lifti ikifa na wazee wako ghorofa za juu: namna ya kumdai mwenye nyumba

Barua inayosema tu "lifti imeharibika, tunaomba itengenezwe" hujibiwa kwa neno moja: tunashughulikia. Jibu hilo halina tarehe wala bei, wala halina mtu wa kumshika. Jengo letu la ghorofa 7 hapa Tudor, Mombasa, liliishi na jibu hilo kwa muda mrefu, huku bibi wa ghorofa ya sita akiwa hashuki hata kwenda mazikoni, na mzee wa ghorofa ya tano akibebwa kwenye kiti cha plastiki na vijana mara mbili kwa wiki kupelekwa kusafishwa damu. Mambo yalianza kusogea siku tulipoacha kuomba lifti na kuanza kuomba karatasi moja: ripoti ya fundi.

Lifti haifi yote kwa pamoja. Mara nyingi kinachokufa ni kitu kimoja, na kwa majengo ya pwani mlango ndio wa kwanza kushukiwa. Kila mlango wa ghorofa una kufuli yenye viguso vya umeme. Kiguso kimoja kikikataa kushikana, lifti nzima hugoma, kwa sababu imeundwa isitembee mlango ukiwa wazi. Hewa ya chumvi hula viguso hivyo polepole. Kitu cha pili ni umeme wenyewe: ukipanda na kushuka, huunguza kadi za kontrola, kile kifaa kinachoiongoza lifti, kule juu kwenye chumba cha mashine. Mpangaji anaweza kupata fununu bila kugusa kitu. Taa ya ndani ikiwaka na mlango ukawa unafunga na kufunguka tena bila lifti kuondoka, tatizo huenda liko mlangoni. Kila kitu kikiwa giza ilhali jengo lina umeme, fikiria upande wa kontrola. Ila msithubutu kuulazimisha mlango wa ghorofa kwa bisibisi "tuone kuna nini". Nyuma ya mlango huo huenda chumba cha lifti hakipo, kuna shimo tupu.

Kwa nini ripoti ina nguvu hivyo? Ajenti wetu alikuwa akituambia lifti ni ya zamani, inataka kubadilishwa yote, ni mamilioni, na mwenye nyumba hana pesa hizo sasa. Tulipopata ripoti ya fundi pamoja na makadirio yake, tulikuta viguso na mota ya mlango vimeoza, na kadi moja ya kontrola imeungua. Bei pamoja na kazi ilikuwa Sh385,000. Si pesa ndogo, lakini si mamilioni, na mazungumzo hubadilika pakiwa na nambari mezani.

Ripoti yenyewe ilikuwapo. Fundi alishakuja, akaandika, akampa ajenti, ajenti akaiweka. Tulikuja kuelewa baadaye kwamba makubaliano yake na mwenye nyumba yalimruhusu kuidhinisha matengenezo ya hadi Sh50,000 tu. Kwa hiyo kila tulipomfokea, tulikuwa tunamfokea mtu asiyeweza kusema ndiyo. Mwulizeni ajenti wenu swali hili kwa adabu mapema: "Matengenezo ya kiasi gani unaweza kuyaidhinisha wewe mwenyewe?" Kama bei iko juu ya uwezo wake, barua iende kwa mwenye nyumba, nakala kwa ajenti. Jina lake limo kwenye mkataba wa upangaji. Kama mkataba una jina la ajenti peke yake, ofisi ya ardhi hufanya upekuzi rasmi kwa ada na kukupa jina la mwenye hati.

Kabla ya kuandika, someni mikataba yenu, kisha jueni mnasimama wapi kisheria. Kwa Kenya, kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinamwekea mwenye nyumba aliyepangisha sehemu ya jengo wajibu wa kutunza paa, kuta kuu, na pia sehemu na mitambo inayotumiwa na wote pamoja na njia za kupita. Lifti ni mtambo wa wote. Halafu iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inayotaka lifti ichunguzwe kikamilifu angalau mara moja kila miezi 6 na mtu aliyeidhinishwa, na ripoti iwekwe. Sheria hiyo ni ya mahali pa kazi, lakini jengo lenye maduka chini, mlinzi na mfagiaji lina watu kazini. Ombeni ripoti ya mwisho ya uchunguzi huo. Ikiwa haipo, mmepata hoja nyingine bila kupandisha sauti.

Barua yetu haikuzidi ukurasa mmoja. Sehemu yake ya kati ilisema hivi:

"Mzee, kwa heshima, lifti ya jengo haifanyi kazi tangu mwezi Februari. Kuanzia ghorofa ya nne hadi ya saba wanaishi wazee 9, na wawili kati yao hawawezi kushuka ngazi bila kubebwa. Tunaomba mambo manne kwa maandishi ndani ya siku 14: ripoti ya fundi na makadirio yake, ripoti ya mwisho ya uchunguzi wa usalama, hesabu ya fedha za lifti zilizokusanywa katika ada ya huduma, na tarehe ya kuanza na kumaliza kazi. Tuko tayari kukutana nawe siku utakayopanga."

Hayo ya hesabu ndiyo yaliyouma. Katika ada ya huduma tunayolipa kila mwezi kulikuwa na mstari wa matengenezo ya lifti, Sh18,000 kwa jengo zima, na ulikuwa ukiendelea kukatwa wakati lifti imesimama. Hatukumwita mtu mwizi. Tuliuliza tu pesa hizo ziko wapi. Swali hilo pia liliwaleta wenye maduka wa chini, ambao mwanzoni walisema lifti haiwahusu. Wao nao wanailipa ada hiyo.

Idadi ya wazee wekeni, majina na maradhi msiweke. Binti mmoja kwa nia njema aliandika kwenye kundi la wapangaji kuwa jirani yake ana ugonjwa gani, na yule mama akakasirika, kwa haki. Mmoja wetu alizunguka mlango kwa mlango, akapiga hodi, akaamkia, akauliza: "Bibi, unaridhia tukikuhesabu?" Wengine walikataa. Bibi wa ghorofa ya sita alisema, "Niandikeni, mwanangu. Na mwandike kwamba kodi yangu sijawahi kuichelewesha." Tukaandika.

Sahihi nazo zina hofu yake, kwa kuwa kila mtu anawaza notisi ya kuhama. Tulipanga sahihi kwa mpangilio wa nyumba, kutoka chini kwenda juu, ili pasiwepo wa kwanza anayeonekana kiongozi. Barua ikapelekwa kwa mkono na watu wawili, na nakala yetu ikagongwa muhuri na kutiwa tarehe ofisini kwa ajenti. Ujumbe wa simu ni ushahidi, ndiyo, lakini nakala yenye muhuri haina ubishi wa "sikuiona".

Jambo moja litapendekezwa katika kila mkutano: tusilipe kodi mpaka lifti itengenezwe. Naelewa hasira hiyo, na nilikuwa miongoni mwa walioipinga. Kenya ukikaa na malimbikizo ya kodi, mwenye nyumba anaweza kutuma madalali wachukue vyombo, na hapo kesi yenu ya lifti inageuka kuwa kesi yake ya kodi. Wazee ndio watakaoumia kwanza. Wala msipoteze nauli kwenda kwenye Baraza la Kodi za Nyumba kabla ya kuangalia kiwango: sheria yake inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi Sh2,500 kwa mwezi, na jengo lenye lifti ni nadra kuwa humo. Siku 14 zikipita kimya, hatua inayofuata ni barua ya wakili, kisha mahakama. Na barua yenu yenye muhuri ndiyo ya kwanza wakili ataiomba.

Sisi hatukufika huko. Mwenye nyumba alikuja. Mzee mwenyewe, na fimbo yake, akataka kupanda kuona ghorofa ya sita, akaishia ya tatu akiwa anahema. Tulimletea kiti na maji. Alisema anaweza, lakini fundi anataka asilimia 60 kabla ya kuagiza vipuri, yaani Sh231,000, na hana kwa mwezi ule. Ajenti akapendekeza kila nyumba ichange Sh10,000. Tulikataa mchango, kwa sababu ukishachangia mtambo wa mwenye nyumba bila maandishi, pesa hiyo huioni tena na mwaka kesho utaombwa nyingine. Badala yake nyumba 6 zenye uwezo zilikubali kulipa kodi ya mwezi unaofuata mapema, Sh45,000 kila moja, na karatasi ikaandikwa kwamba hiyo ni kodi ya mwezi fulani na inakwenda kwa fundi. Zikapatikana Sh270,000. Kodi ni ileile, imewahi tu.

Vipuri vilichukua wiki kadhaa kufika, na muda huo wa kusubiri unapaswa kudaiwa nao. Tuliomba balbu zote za ngazi ziwashwe, kishikio kilicholegea kikazwe, kiti kiwekwe kila kituo cha ngazi, na mlinzi alipwe ziada ya kupandisha mitungi ya gesi na maji ya kunywa kwa wazee. Yote yaligharimu kidogo, na yalikuwa ndani ya uwezo wa ajenti kuidhinisha siku hiyo hiyo.

Siku fundi anakabidhi kazi, msimwache aondoke lifti ikishapanda na kushuka mara moja. Simameni kila ghorofa mtazame sakafu ya lifti na sakafu ya nje zinavyokutana. Tofauti ikizidi sentimita 1, mzee anayeburuta mguu atajikwaa, mwambieni arekebishe. Mwambieni pia aongeze muda wa mlango kukaa wazi, kwani hiyo ni mipangilio tu ya kontrola na hahitaji kipuri. Bonyezeni kengele ya dharura mkiwa ndani, msikie kama mlinzi aliye langoni anaisikia. Yetu haikusikika, ikabidi king'ora kihamishiwe chini. Kisha ombeni daftari la huduma likae kwa mlinzi, ambamo fundi ataandika tarehe na alichofanya kila akija, ili mwezi ambao hakuja uonekane kabla ada ya mwezi huo haijalipwa.