Fresha, umetoka saiba lakini kitambulisho cha mamako bado kiko kwa mashine

Nyinyi mliofika chuo juzi na masanduku, saa hizi mnazunguka mkitafuta pa kuprinti fomu za HELB na barua za kujiunga, wacheni niwaambie kitu nilichojifunza nikiwa upande ule mwingine wa kaunta. Nilikaa saiba moja hapa Kisumu karibu miaka mitatu, nikiprinti na kuskani na kufungulia watu mashine, na kwa hiyo miaka nimeona vitambulisho vya watu, transkripti, barua za chifu, hadi kopi ya cheti cha kifo cha mzazi wa mtu. Sikuwa natafuta. Viliachwa tu hapo.

Kuna moja haijawahi kunitoka. Ijumaa jioni alikuja kijana, fresha kama nyinyi, dokyumenti zake zote ameweka kwa Google Drive ndani ya folda moja, kitambulisho chake, cha mamake, cha mdhamini, na picha ya pasipoti. Akafungua Chrome ile ya kawaida, akalogin, akadaunlodi folda nzima, akaanza kuprinti. Mbili zikatoka, ya tatu ikiwa njiani stima ikapotea, na Kisumu mnajua ikipotea jioni huwezi kusema inarudi lini. Alingoja karibu nusu saa, akaona giza linaingia na magari ya kuelekea Luanda yanapungua, akalipa akaenda zake.

Asubuhi nikawasha mashine. Mteja wa kwanza kukaa hapo akafungua Chrome, ikamletea kale kasanduku ka "Restore pages?", naye akabonyeza tu "Restore" bila kufikiria, halafu akaniita, "Bosi, hii ni ya nani?" Drive ya yule kijana ilikuwa wazi kabisa, na imeli yake pia, kana kwamba hajawahi kuinuka kwa kiti.

Wengi hapo ndipo huchanganyikiwa, wanadhani mashine ikizimika na wao wametoka. Hapana. Ukilogin, Google inaachia braoza kitu kidogo kinaitwa kuki, hiyo ndiyo inaiambia kila saa kwamba huyu ni yuleyule wa saa ile, na kuki ya Chrome ya kawaida inakaa kwa diski. Stima ikienda inabaki. Ukifunga dirisha kwa ile X inabaki. Hata muda wako ukiisha ile programu ya saiba ikafunga skrini, ujue imefunga skrini tu, huko nyuma kila kitu kinakungoja wewe au mwenzako atakayelipia dakika zinazofuata.

Bahati nzuri namba yake ya simu ilikuwa kwa fomu (hebu fikiria, namba yake, ya mamake na ya mdhamini, zote ziko hapo mezani kwa mtu asiyemjua). Nikampigia.

"Haki bosi, si nilizima jana?"

"Hukuzima, ni stima ilikuzimia. Uko na bando?"

Alikuwa nayo kidogo. Nikamwelekeza, enda kwa Settings ya simu, Google, halafu "Manage your Google Account", ingia "Security", shuka mpaka "Your devices", fungua "Manage all devices". Hapo ataona simu yake, na ataona Windows moja ambayo si yake, maana hana kompyuta. Aibonyeze hiyo, halafu "Sign out". Akafanya. Mimi huku nikarudisha ukurasa upya, ikaniomba paswadi. Kwisha.

Akashukuru akataka kukata simu. Nikamwambia ngoja, bado hatujamaliza, kwa sababu ile kumtoa kwa mbali inakata kuki peke yake, haigusi faili hata moja iliyoshuka kwa mashine. Nikafungua folda ya Downloads nikiwa naye kwa laini, tukaanza kuhesabu. Ukidaunlodi folda kutoka Drive haiji kama folda, inakuja kama zip. Yeye aliona inachelewa akabonyeza mara mbili, kwa hivyo zip zilikuwa mbili. Moja akaifungulia palepale ikazaa folda ya kawaida, hiyo ni ya tatu. Halafu kabla ya hapo alikuwa amefungua kitambulisho cha mamake akiwa bado ndani ya zip, na Windows ukiifanyia hivyo inatoa kopi yake kimyakimya na kuiweka kwa folda ya muda mahali ambapo mteja hapiti kamwe. Kwa hivyo kitambulisho kimoja cha mama mmoja wa Luanda kilikuwa mahali pane kwa mashine moja, na mwenyewe angeapa alidaunlodi mara moja tu.

Sasa basi, ukikaa kwa mashine ya watu, anza na mlango wa kuingilia. Usitumie dirisha la kawaida. Kwa Chrome bonyeza ile alama ya mtu juu kulia uchague Guest, au kama huioni bonyeza Ctrl+Shift+N upate lile dirisha jeusi la Incognito. Kwa Edge ni hivyohivyo Ctrl+Shift+N, kwa Firefox ni Ctrl+Shift+P. Hapo kuki haiandikwi kwa diski, ikifungwa inakufa, na stima ikipotea Chrome haiwezi kukurudisha. Yule kijana angefanya hili moja tu nisingempigia simu kuhusu imeli yake. Ila ujue kitu kimoja, madirisha yote ya Incognito yanatumia kuki ileile, ukifunga moja na lingine limejificha huko chini bado uko ndani. Funga yote.

Wakati wa kulogin, kama umeweka ile hatua ya pili ya kuthibitisha kwa simu, kuna kaboksi kameandikwa "Don't ask again on this device" na mara nyingi kanakuja kakiwa tayari kametikiwa. Katoe tiki. Ukikaacha kwa dirisha la kawaida unaambia Google kwamba hii kompyuta ya saiba ni kama ya kwako, na siku mtu akipata paswadi yako hapo simu yako haitaulizwa kitu. Na ikikuuliza "Save password?" kataa. Kama mkono ulishateleza, andika `chrome://password-manager/passwords` pale juu, utafute yako uifute.

Lakini watu husikia Incognito wanadhani imemaliza kila kitu. Faili ulizodaunlodi ukiwa Incognito zinabaki Downloads kama zingine zote, Incognito haizijui. Kwa hivyo kama ni kuprinti tu, usidaunlodi. Fungua ile PDF humohumo ndani ya Drive, bonyeza alama ya printa, maliza. Daunlodi tu ikikulazimu, na ikikulazimu chukua faili moja moja unayohitaji, achana na folda nzima, utaepuka hiyo hadithi ya zip.

Ukimaliza fanya usafi ukiwa bado na dakika, mimi ningesema tano za mwisho usizitumie kwa kitu kingine, shilingi tano si hasara. Kwanza funga Word na kila mahali faili imefunguka, la sivyo Windows itagoma kuifuta ikisema bado inatumika. Nenda Downloads, panga kwa tarehe ili za leo zikae juu, chagua zako zote pamoja na zile zenye (1) kwa jina, halafu Shift+Delete. Ukibonyeza Delete pekee zinahamia Recycle Bin, na mimi nimeshaona mteja anafungua Recycle Bin ya saiba kupitisha muda tu. Na kufuta jina kwa ile orodha ya Ctrl+J si kufuta faili, orodha ni orodha.

Kama ulifungua kitu ndani ya zip, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike hii ubonyeze Enter:

```
%temp%
```

Panga tena kwa tarehe, tafuta folda yenye jina la zip yako, futa hiyo tu, zingine wachana nazo. Kuna saiba zimefunga hiyo njia, basi muite mtu wa kaunta akufungulie, haoni ajabu. Ndio ubonyeze picha yako juu kulia, "Sign out", na kama ulitumia dirisha la kawaida imeli yako bado itaonekana kwa orodha ya kuchagua akaunti, hapo chini kuna "Remove an account", itoe.

Sasa kuna kopi ambayo hata yule kijana hatukuihesabu siku hiyo, nikaikumbuka Jumatatu. Saiba nyingi printa iko kwa mashine ya kaunta. Utaambiwa "tuma kwa imeli ya saiba" au uiweke kwa folda ya pamoja, nasi tunaifungua kwetu, inashuka kwa Downloads yetu, tunaprinti, mteja anayefuata anasukuma. Hakuna anayefuta. Simama hapo useme, "Bosi, nifutie hiyo, na kwa imeli pia." Nilipokuwa kaunta walioniuliza hivyo walikuwa wachache sana na sikuwahi kukasirika.

Na Shift+Delete nayo ina mwisho wake. Mwenye programu ya kurudisha faili na muda anaweza kuzitoa tena kwa diski ya kawaida, na mashine yenye kitu kinachorekodi kila kitufe itachukua paswadi yako uwe Incognito au usiwe. Saiba usiyoiamini, usiandike paswadi kabisa. Toa simu, ndani ya Drive fungua faili moja, kwa Share weka "Anyone with the link" ikiwa Viewer, halafu tuma hiyo linki, si faili, kwa imeli ya saiba. Wanafungua, wanaprinti, karatasi ikishafika mkononi unarudisha "Restricted" ukiwa bado umesimama kaunta. Linki itabaki kwa imeli yao lakini haifungui kitu. Kama waliidaunlodi badala ya kuiprinti moja kwa moja, hiyo kopi bado wako nayo, kwa hivyo uliza palepale, na uangalie skrini wakifuta.