Pipa la mchanga, maji ya mto yenye tope na lita 600 kwa siku

"Wakuu, nina pipa la lita 200 nimelijaza mchanga, koki iko chini. Maji ni ya mto, yana tope. Nahitaji lita 600 kwa siku. Nikifungua koki yanatoka mengi ila bado yana ukungu. Nikiibana hayatoshi, na siku ya nne pipa linaziba kabisa. Niongeze mchanga au nitafute pipa kubwa?"

Mkuu, kwa lita 600 pipa hilo linatosha, na mchanga usiongeze. Cha kubadilisha ni mahali maji yanapotokea, saa ambazo pipa linafanya kazi, na hali ya maji kabla hayajagusa mchanga.

Tuanze na ukubwa. Kiasi cha maji ambacho mchujo wa mchanga unaweza kutoa kinategemea eneo la uso wake. Kina hakiongezi maji. Mchanga mwembamba unaochuja polepole huendeshwa kwa kasi ya mita 0.1 hadi 0.2 kwa saa, yaani maji yaliyo juu ya mchanga yangeshuka sm 10 hadi 20 kila saa kama hayaongezwi mengine. Ukifika 0.4 uko ukingoni. Pipa la lita 200 lina kipenyo cha sm 57 hivi, kwa hiyo uso wake ni takriban 0.25 m². Hesabu ni hii:

```
eneo (m²) = maji ya siku (m³) / (kasi (m/saa) x saa za kazi)
0.6 / (0.1 x 24) = 0.25 m²
0.6 / (0.1 x 10) = 0.60 m²
```

Mstari wa pili ndio unaowaangusha wengi. Ukiliendesha pipa saa 10 za mchana na kulifunga usiku, utahitaji mapipa zaidi ya mawili, au utalazimika kulisukuma kwa lita 60 kwa saa badala ya 25. Kwa hiyo weka tangi la kupokea maji safi na uache mchujo utiririke usiku na mchana bila kukoma. Lita 25 kwa saa ni mkondo mwembamba sana ukiuangalia kwa macho, kwa hiyo usiukadirie. Kinga chupa ya lita moja: ijae kwa dakika 2 na sekunde 24. Ikijaa kwa sekunde 72 uko kwenye 0.2, na hapo usizidishe.

Kwa nini kasi iwe ndogo hivyo? Vijidudu ni vidogo kuliko nafasi kati ya chembe za mchanga, kwa hiyo havizuiwi kama mchele kwenye chekeche. Vinanaswa kwa kugusa chembe na kunata, na kazi kubwa inafanywa na utando laini wa viumbe hai unaojijenga kwenye sentimita chache za juu. Utando huo unahitaji muda na hewa iliyomo ndani ya maji. Kwenye mchanga wa kina cha sm 50, maji ya lita 25 kwa saa hukaa kama saa mbili. Kwa lita 60 kwa saa hukaa dakika 50 tu. Ukisukuma zaidi, hata vilivyokwisha kunata vinang'olewa na kushushwa chini.

Sasa koki yako. Ikiwa chini ya pipa na iko wazi, maji yote yaliyo juu yake yanasukuma kwa uzito wa sm 80 hivi. Kwa mchanga mpya wa kina cha sm 50 wenye chembe nyingi za 0.2 mm na kuendelea, hesabu inatoa kama lita 600 kwa saa. Yaani maji ya siku nzima yamepita ndani ya saa moja, na ukungu uliouona ni matokeo yake. Zaidi ya hapo, maji yakishuka chini ya uso wa mchanga, hewa inaingia, viputo vinakaa kwenye nafasi za maji, utando unakauka na kufa.

Dawa yake ni kupandisha tokeo. Toa bomba chini ya pipa, lipandishe nje kwa kiwiko, na lifanye limwage maji sm 5 juu ya usawa wa mchanga. Pale juu weka tii iliyo wazi upande wa juu, la sivyo bomba litavuta kama mpira wa kunyonyea na kukausha pipa lote. Koki ya kupunguza ikae kwenye sehemu inayopanda, kabla ya tii. Kwa mpangilio huu hata ukifungua koki yote, mchanga safi utatoa kama lita 110 kwa saa, si 600, na mchanga hautakauka hata ukisahau kujaza maji.

Ndani ya pipa panga hivi kutoka chini. Bomba la mm 20 lenye matundu ya mm 3 yanayotazama chini, likizungukwa na kokoto za mm 6 hadi 12 mpaka sm 8. Juu yake sm 4 za changarawe za mm 1 hadi 6, kazi yake ni kuzuia mchanga usizame kwenye kokoto. Kisha sm 50 za mchanga. Hapo umefika sm 62. Tokeo liwe sm 67 kutoka chini, na tundu la kufurika sm 82. Chini ya ingizo weka sahani yenye matundu au jiwe bapa, maji yasichimbe shimo kwenye mchanga.

Mchanga uchekeche kwenye wavu wa mm 1 au chini yake, kisha uuoshe. Kipimo cha kuosha: tia mchanga kidogo kwenye chupa ya kioo yenye maji, tikisa, weka chini. Ikiwa baada ya sekunde 4 unauona uso wa mchanga vizuri, umetosha. Usiuoshe hadi maji yawe kama ya chemchemi, kwani utakuwa umemwaga chembe nyembamba unazozitaka. Kuta za pipa la plastiki ni laini mno, zikwaruze kwa msasa mzito, kwa sababu maji hupenda kuteleza ukutani bila kuchujwa. Mara ya kwanza, jaza maji safi kutoka chini kupitia bomba la tokeo, polepole, ili hewa itoke juu.

Ukiangalia vipimo hivyo utaona kuwa nguvu yote ya kusukuma maji ni sm 15, tofauti ya tundu la kufurika na tokeo. Kwa lita 25 kwa saa, mchanga safi unakula sm 3.5 hivi, na sm 11 zaidi zinabaki kwa ajili ya uchafu utakaojilimbikiza. Kwa lita 75 kwa saa mchanga peke yake unakula zaidi ya sm 10, na uchafu kidogo tu unamaliza zilizobaki. Ndiyo maana kuongeza kasi kunaumiza mara mbili: maji yanachujwa vibaya na siku kati ya usafishaji zinapungua. Kuongeza kina cha mchanga kwenye pipa hilo hilo kunakula nafasi hiyo hiyo, na ndiyo sababu nimekataa wazo hilo.

Kuziba siku ya nne ni habari ya tope, na mpangilio wa mchanga hautaiponya. Mchujo wa aina hii unataka maji ya chini ya NTU 10, yaani kipimo cha ukungu wa maji, na huvumilia hadi 50 kwa siku chache tu. Huna kifaa? Jaza maji chupa angavu ya lita 2, isimamishe juu ya herufi nene kubwa, angalia kutoka juu. Usipoziona, umevuka 50, na maji hayo yasifike kwenye mchanga.

Kutuama peke yake husaidia nusu. Chembe ya mikroni 20 inazama zaidi ya mita moja kwa saa. Chembe ya udongo wa mfinyanzi ya mikroni 2 inazama sm 1.3 tu kwa saa, kwa hiyo kwenye tangi la kina cha sm 80 itachukua siku mbili na nusu, tena maji yakiwa yametulia kabisa. Hapa pipa la pili linahitajika, nalo ni la kokoto tupu. Maji yaingie chini na kupanda: sm 20 za kokoto za mm 15 hadi 25, sm 20 za mm 10 hadi 15, na sm 20 za mm 5 hadi 10 juu. Kati ya kokoto, chembe haina haja ya kuzama sm 80. Ikishuka milimita chache imetua juu ya jiwe. Mapipa ya aina hii huendeshwa kwa mita 0.3 hadi 1 kwa saa. Lako kwa lita 25 litakuwa kwenye 0.1, basi una nafasi ya kutosha. Chini yake weka koki ya mm 50 na uifungue ghafla mara moja kwa wiki, tope lisukumwe nje.

Kwa hiyo mfuatano ni huu: tangi la kutuamia lisilopungua lita 600, maji yakichotwa sm 20 juu ya sakafu, kisha pipa la kokoto, kisha pipa la mchanga, kisha tangi la maji safi. Koki ya boya kwenye pipa la mchanga itashika usawa wa maji bila wewe kusimama hapo.

Kuna tope lisilotua hata kwa siku tatu. Kwa hilo tumia shabu kwenye tangi la kutuamia. Yeyusha gramu 10 ndani ya lita moja. Kila mililita ya mchanganyiko huo ikitiwa kwenye lita moja ya maji ya mto ni miligramu 10. Jaribu kwenye chupa tano za lita moja, mililita 1 hadi 5, koroga kwa nguvu dakika moja, kisha polepole dakika kumi, acha nusu saa. Chukua dozi ndogo kabisa inayotoa mabonge yanayozama. Ikiwa ni mililita 3, lita 600 zinahitaji gramu 18. Acha mabonge yatue yote kabla ya kufungua, maana yakifika kwenye mchanga yanauziba haraka kuliko tope lenyewe.

Utando huchukua wiki 2 hadi 3 kukomaa, na wakati huo maji yanaweza kuwa angavu huku bado yana vijidudu. Yachemshe au yatie klorini. Hata baadaye mimi ningeendelea kutia klorini kwenye tangi la mwisho na kusubiri nusu saa. Chumvi, floridi na dawa za mashambani zilizoyeyuka usizitegemee kuondoka hapa.

Kadiri mchanga unavyoziba, fungua koki kidogo kidogo kurudisha lita 25. Koki ikiwa wazi kabisa na chupa inachukua zaidi ya dakika 2 na nusu, safisha: shusha maji, kwangua sm 1 hadi 2 za juu tu, osha mchanga huo na uuhifadhi. Mchanga ukibaki sm 40, rudisha ulioosha. Lakini ikiwa mkondo ni mkubwa ghafla na maji yana ukungu siku hiyo hiyo, hapo maji yamepata njia ukutani au kuna shimo chini ya ingizo, na kukwangua hakutasaidia. Ukiweza, weka mapipa mawili ya mchanga sambamba, kila moja lita 12.5 kwa saa. Siku ya kusafisha moja, jingine lipandishe hadi 25 taratibu kwa saa kadhaa, usifungue kwa mkupuo.