Ruwaza ya kukagua majina inagandisha seva ya Python, ila kwenye Go inapita

> Wakuu, nina ruwaza `^(\w+\s?)*$` ya kukagua majina. Majina ya kawaida yanapita mara moja. Leo mtu kabandika herufi thelathini mfululizo na alama ya mshangao mwishoni, seva ya Python ikaganda, prosesa imejaa. Nikaijaribu hiyohiyo kwenye Go, jibu papo hapo. Tatizo liko wapi?

Mkuu, ruwaza ya aina hiyo iliwahi kunikesha. Tulikuwa na michakato minne ya kuchambua maandishi, ikaanza kuacha kujibu mmoja baada ya mwingine. Tukailaumu hifadhidata karibu usiku mzima, mpaka mwenzangu alipoendesha `py-spy dump --pid` kwenye mchakato mmoja. Ulikuwa umesimama kwenye mstari wenye `match`. Akasubiri dakika tano, akaendesha tena: mstari uleule. Hapo ndipo tulipoacha kuangalia hifadhidata.

Chukua maandishi mafupi, `aaaa!`, uifuate injini ya Python hatua kwa hatua. `\w+` inameza `a` zote nne. `\s?` haikuti nafasi, lakini si lazima ikute, inapita. Kundi linataka kujirudia, linagonga `!`, haliwezi. Basi zamu ya `$`: tumefika mwisho? Hapana, `!` bado ipo. Injini inarudi nyuma na kuiambia `\w+` iachie herufi moja. Sasa kundi la kwanza lina tatu, kundi linajirudia na kuokota ile ya nne, `$` inauliza tena, jibu ni lilelile. Inarudi nyuma tena. Mbili na mbili. Mbili, moja, moja. Moja na tatu. Inaendelea hivyo mpaka mikato yote iishe.

Kati ya kila herufi mbili kuna uamuzi mmoja: kata hapa au usikate. Herufi nne zina mianya mitatu, kwa hiyo kuna njia 8 za kuzikata zote. Ukiongeza njia zinazoishia kabla ya herufi ya mwisho, `$` inaulizwa mara 16. Ongeza herufi moja, zinakuwa 32. Kwa herufi zako thelathini ni mara 1,073,741,824, na kila mara jibu ni hapana kwa sababu ileile moja, ile `!`.

Ndiyo maana majina halali hayakukuonyesha kitu. Yakikubalika, njia ya kwanza kabisa inatosha na injini inaishia hapo. Gharama inakuja pale tu maandishi yanapokaribia kukubalika kisha yakakataliwa mwishoni, na majaribio mengi tunayoandika hayana maandishi ya namna hiyo. Pima mwenyewe:

```python
import re, time
p = re.compile(r'^(\w+\s?)*$')
for n in range(18, 27):
    t = time.perf_counter()
    p.match('a' * n + '!')
    print(n, time.perf_counter() - t)
```

Utaona muda unakaribia kuongezeka maradufu kwa kila herufi moja. Usipandishe sana hiyo 27.

Sasa Go. Paketi yake ya `regexp` hairudi nyuma namna hiyo. Wazo lake linatokana na kazi ya Ken Thompson ya mwaka 1968: ruwaza inageuzwa kuwa otomata, halafu otomata inafuatwa kwa hali zake zote kwa pamoja. Ruwaza yako ikigeuzwa kuwa maelekezo inakuwa hivi, na safari inaanzia namba 5:

```
1  \w
2  nenda 1 au 3
3  nenda 4 au 5
4  \s
5  nenda 1 au 6
6  $
```

Itazame namba 1. Unaweza kuifikia kutoka 2, yaani `\w+` inaendelea na neno lilelile. Unaweza pia kuifikia kutoka 5, yaani kundi limefungwa na jingine limeanza. Ukishafika hapo, herufi inayofuata haijali umetokea wapi. Kinachoweza kutokea mbele ni kilekile. Injini ya kurudi nyuma haikumbuki kwamba imeshawahi kusimama kwenye namba 1 mbele ya herufi hii, kwa hiyo inaifuata safari nzima upya. Hapo ndipo kuzidisha kwa mbili kunakoanzia.

Otomata inashika orodha ya mahali inapoweza kuwa sasa hivi, na kila namba inaandikwa mara moja tu. Inasoma `a` ya kwanza: inaweza kuwa kwenye 1, 4 au 6. Namba 1 imefikiwa mara mbili, inaandikwa mara moja. Inasoma `a` ya pili: ni 1, 4, 6 tena. Hata ya thelathini ni orodha ileile. Inakuja `!`: 1 haiitaki, 4 haiitaki, 6 inadai mwisho na si mwisho. Orodha tupu, jibu ni hapana. Herufi 31, na kwa kila moja inagusa maelekezo yasiyozidi sita. Yaani kazi haizidi urefu wa maandishi mara ukubwa wa ruwaza, hata mtumaji awe na nia mbaya kiasi gani.

Bei yake ni kwamba historia imetupwa. Ukiandika `(\w+)\s\1`, kinachokubalika mbele kinategemea kile kundi lilichokamata nyuma, kwa hiyo safari mbili zilizokutana kwenye namba moja haziko sawa tena, huwezi kuziunganisha. Ndiyo maana Go, RE2 na `regex` ya Rust hazikubali `\1`, na zimeacha pia kutazama mbele na nyuma kwa `(?=` na `(?<=`. Mimi naona ni bei ya haki kwa chochote kinachopokea maandishi ya watu usiowajua.

Kama lazima ubaki na `re`, ondoa ule uamuzi wa kukata au kutokata. Fanya nafasi iwe lazima kati ya neno na neno:

```
^(\w+(\s\w+)*\s?)?$
```

Inakubali yaleyale ya mwanzo, lakini maandishi yoyote yana njia moja tu ya kugawanyika. Na usitegemee kuiweka kwenye uzi wa pembeni ili uikatishe: `re` ya Python haina ukomo wa muda, na ikiwa inafanya kazi inashikilia kufuli la mkalimani, nyuzi nyingine zote zinasubiri. Sisi ilibidi tuue mchakato mzima.

Kuna ndugu yake mpole zaidi ambaye watu humsahau kwa sababu hana marudio ndani ya marudio: `\s+$` kwa kutafuta, si kwa kuanzia mwanzo. Nafasi 20,000 mfululizo zikifuatwa na herufi moja, injini ya kurudi nyuma inaanza kwenye ya kwanza, inafika mwisho wa nafasi, inashindwa, inaanza kwenye ya pili. 20,000 kuongeza 19,999 na kuendelea ni zaidi ya hatua milioni 200. Ruwaza ya jamii hii ndiyo iliyoizima Stack Overflow kwa dakika 34 tarehe 20 Julai 2016. Huyu unamtambua kwa kipimo kingine: ukiongeza urefu mara mbili, muda unapanda mara nne. Na kwa kazi yake hiyo ya kupunguza nafasi za mwishoni, `rstrip()` inaanzia nyuma na haihitaji ruwaza yoyote.