Jumla ya bajeti imezidi kwa shilingi moja

"Bajeti ya dagaa, Mwaloni Kirumba: kwa kikokotoo napata 68,050, Excel inasema 68,051. Kwa nini?"

Habari ndugu. Angalia kwanza senti zilizofichwa. Ukiondoa desimali kwenye mwonekano tu, Excel bado inazihesabu: 40,250.40, 18,700.40 na 9,100.40 zinafika 68,051.20. Kadiria kila mstari kwenye fomula yenyewe, ndipo ujumlishe:

```
=ROUND(B2*C2,0)
```

Jumla itakuwa 68,050. Usikadirie jumla peke yake, mistari haitakubaliana nayo. Kisha weka umbo hili la namba safu nzima:

```
#,##0_);(#,##0)
```

Pengo la 4,500, yaani namba hasi, litasomeka (4,500). Mimi napenda mabano, maana alama ndogo ya kutoa hupotea kwenye fotokopi. "TSh" iandike kwenye kichwa cha safu. Ukiichapa ndani ya seli, namba inageuka maandishi na SUM inairuka.